Bosi anataka niwashe moto, na watakaonisikiliza ni wenzangu wa jana

*Shikamoo kaka mshauri,*

*Nafanya kazi kwa msambazaji wa mafuta ya kula na sabuni hapa Morogoro. Nimepiga ruti miaka minne, na sasa nimepandishwa kuwa supavaiza wa vijana sita ambao mpaka juzi tulikuwa tunakunywa chai pamoja pale stoo. Mmoja wao ni mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi. Jumamosi tunafungua mwaka mpya wa hesabu, unaoanza Julai, na bosi amenipa dakika 15 nizungumze. Tageti ya robo hii ya kwanza ni milioni 165 kwa mwezi. Miezi mitatu iliyopita tumekuwa tukifunga kwenye 138. Aliponikabidhi karatasi alisema tu, "Wawashe moto."*

*Supavaiza aliyepita alikuwa anawasha kweli. Tunasimama, tunapiga makofi, tunaimba kwamba mwaka huu ni wetu, halafu anamalizia kuwa asiyefikisha atafute pa kwenda. Tukitoka nje tunacheka. Mimi sitaki kumtisha mtu, na kuchekwa pia sitaki. Lakini nikisimama pale nikataja milioni 165 peke yake, najua nyuso zitakavyokuwa. Niseme nini?*

*Supavaiza mpya, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu.

Hotuba iache kwanza, shika kalkuleta. Kijana wa ruti hauzi milioni 165. Hauzi hata milioni 27 na nusu, ambayo ndiyo fungu la kila mmoja ukigawa kwa sita. Yeye anaingia dukani, anasalimia, anatupia jicho shelfu, anauliza, anatoka na oda au anatoka mikono mitupu. Tageti ikibaki kwenye mamilioni ataisikia kama habari ya mkutano wa watu wengine. Kazi yako kabla ya Jumamosi ni kuishusha mpaka ifike kwenye kaunta ya mangi.

Namba halisi zimo kwenye daftari zenu za oda. Mimi nitatumia hizi, ambazo zinaangukia hapo hapo kwenye milioni 138. Tuseme kijana anapita maduka 30 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Kati ya hayo 30, maduka 12 yananunua, na oda ya wastani ni shilingi 80,000. Kwa mwezi ana oda 288, sawa na milioni 23 na pointi kidogo, na kwa watu sita unapata milioni 138. Sasa gusa vitu viwili tu. Maduka yanayonunua yawe 14 badala ya 12, na oda ya wastani iwe 82,000 badala ya 80,000. Oda zinapanda hadi 336, fungu la kijana linafika milioni 27.55, na timu nzima inavuka milioni 165. Lile ongezeko la karibu asilimia 20 lililokuwa linakutisha limekuwa maduka mawili kwa siku na shilingi elfu mbili kwa kila oda.

Bado hujamaliza, kwa sababu mtu akisikia "maduka mawili tu" atauliza yako wapi, na ana haki. Yako ndani ya yale 18 ambayo tayari anapita na hayanunui. Kaa na daftari za wiki mbili zilizopita, na pale ambapo sababu haikuandikwa, muulize mwenye ruti. Utakuta sababu zinarudiarudia: mwenye duka hayupo, bado ana mzigo wa wiki iliyopita, ana deni hajalipa, au bidhaa aliyoitaka haikuwa kwenye gari. Hiyo ya mwisho ndiyo uiwinde. Tuseme ruti ya Kihonda, katika maduka 18 yaliyokataa, matano yalikuwa yanataka vipakiti vidogo vya sabuni ya unga na kirikuu kilitoka stoo bila hata katoni moja. Hapo kijana hakushindwa kuuza. Stoo ndiyo ilimnyima cha kuuza, na yale maduka mawili unayoyatafuta yamejificha ndani ya hayo matano.

Ile elfu mbili ni nyepesi zaidi. Ni mangi aliyechukua mafuta na sabuni ya mche kuulizwa kama viberiti vimebaki vingapi. Wengi wetu tukishaandika oda huwa tunafunga daftari haraka tuwahi duka linalofuata.

Ukimaliza hapo, usigawe 27 na nusu kwa kila mtu. Umepiga ruti, unajua Mzumbe Agosti si Mzumbe Novemba. Wanafunzi wakishaondoka kwa likizo ndefu, maduka yanayozunguka chuo yanapoa mpaka wafungue tena, na ukimpa mwenye ruti ile tageti sawa na wa mjini umemhukumu kabla hajatoka. Kinyume chake, Dakawa wakishavuna mpunga fedha inaonekana dukani, Turiani nako msimu wa miwa ukianza kuna mishahara, na barabara zimekauka baada ya masika, kwa hiyo gari linafika vijiji ambavyo Aprili lisingefika. Wa Msamvu na Kihonda wana Nanenane. Chukua mauzo ya kila ruti ya Julai hadi Septemba mwaka jana, yaangalie pamoja na ya miezi mitatu hii, halafu gawa. Mgawanyo unaweza kuwa hivi: mjini na Soko la Chifu Kingalu milioni 36, Msamvu na Kihonda 32, Dakawa na Turiani 29, Mkundi 26, Bigwa na Mikese 22, Mzumbe na Mlali 20. Jumla ni 165 ile ile, ila sasa kila mtu anaona kwamba aliyepanga anajua barabara.

Baada ya hapo nenda kwa bosi, na uende kabla ya Jumamosi. Usiende kubishia tageti. Nenda na karatasi uombe vitu viwili. Cha kwanza ni stoku: zile bidhaa tano au sita ambazo zikikosekana ruti inakufa zisikatike stoo, na kuwe na mtu mwenye jukumu la kuhesabu kila Jumatano na Jumamosi. Cha pili ni kamisheni: tarehe ya kulipwa ijulikane, na iache kuwa ya yote au hakuna. Kama kamisheni inaanza mtu akifika asilimia 100 tu, fikiria kinachotokea tarehe 20. Aliyefika asilimia 60 anaona hawezi tena, anapunguza mwendo. Aliyefika 100 mapema anaficha oda za siku za mwisho aanze nazo mwezi ujao. Kamisheni ikianza kidogo kwenye asilimia 80 na kupanda kwa ngazi, wote wawili wana sababu ya kutoka asubuhi tarehe 29. Bosi akikubali kimoja tu, chukua hicho. Akikataa vyote, ni bora ujue Alhamisi kuliko kuahidi Jumamosi kitu ambacho hakipo.

Najua wapo mabosi wanaoamini kuwa watu wa mauzo bila vitisho wanalala. Wako akiwa hivyo, mwonyeshe daftari la madeni. Kijana aliyetishiwa hafukuzani na maduka mapya, maana maduka mapya yanachukua muda. Anakwenda kwa mangi anayemzoea tarehe 27, anamwambia, "Chukua katoni kumi nisaidie kufunga mwezi, utalipa ukiuza." Mangi anakubali kwa undugu. Tageti imefika, kikao kimepiga makofi, na tarehe 4 katoni sita zinarudi stoo, au zinakaa dukani kwake na kijana akipita wiki nzima anaambiwa bado mzigo upo. Ukitaka kujua kama ugonjwa huu mnao, angalia mauzo siku kwa siku. Kama siku tano za mwisho zinabeba karibu nusu ya mwezi, wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata imekufa, na madeni yanapanda wakati mauzo yanaonekana mazuri, basi mnauziana karatasi. Ongezeko la namna hiyo bosi analilipia mwenyewe, maana mafuta ya gari ya kurudisha mzigo ni yake.

Kuna utafiti ninaoupenda kuhusu hili. Gary Latham na mwenzake waliuchapisha mwaka 1975, wakiwa wamefuatilia madereva wa malori ya magogo kule Oklahoma, Marekani. Madereva walikuwa wanapakia karibu asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipewa lengo moja linaloeleweka, asilimia 94, na wakaambiwa wazi kuwa hakuna zawadi kwa atakayefika wala adhabu kwa atakayeshindwa. Mwezi wa kwanza wakapanda hadi karibu 80. Mwezi wa pili wakashuka hadi karibu 70, na inaelekea walikuwa wanawapima wakubwa kuona kama ile ahadi ya kutoadhibu ni ya kweli. Hakuna aliyeguswa. Mwezi wa tatu wakavuka 90, na wakabaki huko. Huo mwezi wa pili uukumbuke, utakuja kwako pia, na siku hiyo ndipo watakapojua Jumamosi ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unahutubia. Ila usiubebe utafiti mzima mzima. Dereva anaamua mwenyewe apakie magogo mangapi, kijana wako haamui mangi anunue nini. Ndiyo maana lengo la kila siku liwe juu ya kile alicho nacho mkononi: duka aliloingia, swali aliloliuliza, sababu aliyoiandika.

Kabla ya kikao, ongea na kila mmoja peke yake, hata kama ni dakika kumi kando ya gari. Mwonyeshe tageti ya ruti yake na jinsi ulivyoifikia, halafu umuulize ni wapi umekosea. Watakusahihisha, na baadhi ya masahihisho yatakuwa ya kweli: daraja limekatika, duka la jumla jipya limefunguliwa na linauza bei ya chini, mangi mkubwa amehama. Badilisha pale panapobadilika. Mtu asisikie namba yake kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake, hata kama ni namba nzuri.

Mtu mzima wenu muone wa kwanza, na umfuate wewe, usimwite. Mpe shikamoo yake kama ulivyozoea. Mweleze kuwa una kikao na ungependa asimulie jambo moja tu: jinsi anavyofanya kwenye duka ambalo limemkataa mara tatu. Usimwombe akuunge mkono na usimwombe awatulize vijana, hiyo ni kumtumia. Unamwomba kitu anachokijua kuliko wewe. Akisema hataki kusimama mbele za watu, mwombe ruhusa ulisimulie mwenyewe ukitaja kwamba limetoka kwake.

Sasa hotuba yenyewe. Dakika nane zinatosha, zile saba ziwe za maswali. Hivi ndivyo mimi ningeizungumza, wewe ibadilishe ikae mdomoni mwako:

"Habari za asubuhi. Nashukuru mmefika mapema, supu iko nyuma, tutakunywa tukimaliza, na sitawaweka mpaka ipoe.

"Nianze na lililo wazi. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa hapo mlipokaa. Kaka yetu mkubwa hapa ndiye aliyenipeleka Turiani mara ya kwanza, na bila yeye nisingejua hata mlango wa stoo. Cheo hakijanifundisha ruti zenu. Nitakapokosea njia mniambie.

"Robo iliyopita tumefunga kwenye milioni 138 kwa mwezi, na tumezifunga Aprili na Mei, kwenye matope, gari moja likiwa gereji. Nataka hilo lisemwe kabla ya lolote.

"Kampuni inataka milioni 165 kwa mwezi, Julai, Agosti na Septemba. Ni kubwa, sitaiita ndogo. Lakini nimekaa nayo na daftari zenu, na nataka niwaonyeshe nilichokiona." (Hapa geukia ubao uandike kwa mkono wako, taratibu: 30, 12, 80,000. Chini yake: 30, 14, 82,000. Kaa kimya wasome.) "Maduka ni yale yale 30, siongezi hata moja. Tunachotafuta ni mawili zaidi kati ya yale tunayopita kila siku na hayanunui, na elfu mbili juu ya kila oda. Huo ni wastani. Kila mmoja wenu anajua namba ya ruti yake, tumeongea, na wa Mzumbe hana namba ya wa mjini kwa sababu chuo kinafungwa.

"Nimesoma sababu mlizoandika kwenye yale maduka yasiyonunua. Sababu moja imerudi kuliko zote: bidhaa haikuwepo kwenye gari. Kwa hiyo sehemu ya hii tageti si yenu, ni yetu sisi tunaobaki hapa. Bosi amekubali mambo mawili. Kuanzia Jumatatu stoo itahesabiwa kila Jumatano na Jumamosi, na orodha ya bidhaa zinazokaribia kuisha itabandikwa hapa mlangoni. Kamisheni italipwa tarehe 5, na itaanza kuhesabiwa ukifika asilimia 80. Nilichoomba na sijapata ni gari la pili la Dakawa. Nitaliomba tena Septemba nikiwa na mauzo mkononi.

"Kwenu naomba mambo mawili. Kila duka lisilonunua, andika sababu kwa neno moja, hata ukiwa na haraka. Na kila duka linalonunua, kabla hujafunga daftari, uliza bidhaa moja zaidi. Basi.

"Kuna jambo moja siliombi, na nataka tuelewane. Msimjaze mangi mzigo tarehe 28 ili tufunge mwezi. Ukiona huwezi kufika, niambie tarehe 15, tukae tuangalie ruti. Hakuna atakayesimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya namba. Atakayeandika oda ya uongo, huyo tutaongea vingine, na mnajua hivyo.

"Kaka, tafadhali, tusimulie lile la Turiani. Halafu tuulizane maswali."

Umeona haina wimbo. Si kwamba kuimba ni kosa. Kama vijana wako wana wimbo wao wa kupakia magari, waache waimbe wakipakia. Wimbo uliopangwa na mwenye cheo ndio unaochekwa nje. Nguvu kwenye kikao kama hiki huingia sehemu mbili: pale mtu anapoona hesabu ikishuka mpaka kwenye ukubwa wa siku yake, na pale unapotaja kitu ambacho kampuni inakifanya kwa tarehe. Ndiyo maana ahadi zile za stoo na kamisheni zinakaa katikati ya hotuba, kabla hujaomba chochote. Ukiomba kwanza ukaahidi baadaye, wanasikia biashara. Na lile la gari ulilokosa usiliondoe kwa aibu. Watu wakisikia umesema ulichokosa, wanaamini ulichosema umepata.

Bosi akikubali kimoja tu, futa kingine bila huruma. Kama kamisheni imegoma, usiseme "tunaifanyia kazi". Sema haijabadilika. Lile neno la mzigo wa tarehe 28 nalo lisemwe na bosi akiwepo, au akiwa amelisikia kwako kabla. Ukilisema kwa siri, halafu yeye akapita tarehe 27 akiuliza kwa nini namba ni ndogo, vijana watajaza maduka mchana huo huo.

Panga na bosi pia nani aongee lini. Akitaka kufungua, afungue kwa dakika mbili, aondoke au akae nyuma. Asije akafunga. Nimeona vikao vizuri vikiharibika kwenye sekunde 30 za mwisho, mkubwa anaposimama kushukuru na kumalizia na, "Lakini mjue nje kuna watu wengi wanatafuta kazi." Mtajie hilo waziwazi, kwa adabu: mzee, naomba kauli ya kufunga iwe ya karibuni supu.

Kwenye maswali mmoja atasema, "Hizi tageti ni za mezani." Usijitetee. Mpe chaki, mwambie aandike za barabarani. "Kwenye ruti yako, kati ya 30 yananunua mangapi?" Akisema 9, andika 9. "Yale 21 yanasemaje?" Anaweza kukuonyesha kwamba ruti yake kweli ina shida, na hapo utamwambia utapita naye Jumanne, na Jumanne uwe umepanda gari lake saa moja asubuhi. Au hesabu itamrudia mwenyewe, na hutahitaji kuongeza neno. Ukikuta swali huna jibu lake, liandike pembeni ya ubao na siku utakayolijibu.

Wiki ya kwanza, ubao usiandikwe mamilioni. Andika kwa kila ruti maduka yaliyonunua kwa siku, na pembeni sababu iliyoongoza ya kutonunua. Usipange majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Ruti hazilingani, na wa mwisho atakuwa yule yule wa Mzumbe mpaka chuo kifunguliwe. Jumatano ya kwanza hakikisha orodha ya stoo imebandikwa mlangoni hata kama mtunza stoo anaumwa na itabidi uhesabu katoni mwenyewe. Vijana hawatasema kitu, lakini wataangalia mlango.

Kama namba zitakwama kwenye maduka 12 baada ya wiki tatu huku stoku ikiwa imekaa sawa, basi tatizo si stoo. Itakuwa bei, au mshindani aliyeingia, au mkopo ambao wenzenu wanatoa na nyinyi hamtoi, na hayo hotuba haiyagusi. Yapeleke kwa bosi na majina ya maduka na bei walizotajiwa, kabla ya mwezi kufungwa. Hapo usiitishe kikao kingine cha kuwasha moto.

Na ile supu, iagize ya kutosha pamoja na madereva na wapakiaji. Wao ndio wanaojua gari lilitoka stoo na nini.